Sevu ya kuelea inayoruka nyuma: tazama mteremko wa mikono kabla ya kubadilisha mpango

*"Salaam aleikum mwalimu. Nasimamia timu ya voliboli ya wasichana hapa Kisauni, uwanja wetu uko nje. Tunapokea sevu kwa watu watano, umbo la W. Tukikutana na timu inayopiga sevu ya kuelea tunaumia: mpira unagonga mikono ya msichana wangu wa nafasi ya 5 unaruka nyuma yake, au unatoroka upande wa kulia mbali na seta. Tumemwambia akunje magoti, ainue mikono, ageuke amtazame seta, na bado. Wenzangu wanasema niache W nipokee kwa watatu. Nifanye hivyo? Na wawili wanalalamika mikono inauma, mmoja kidole gumba."*

Waaleikum salaam, kocha. Kati ya yale matatu mnayomwambia huyo msichana, mawili ndiyo yanayomharibia. "Inua mikono" ndiyo inayopeleka mpira nyuma yake, na "geuka umtazame seta" ndiyo inayoupeleka kulia. Magoti mwacheni aendelee kuyakunja. Nitaanza na mikono, kwa sababu ukibadilisha umbo la kupokea kabla ya kurekebisha mikono utapata makosa yale yale, ila yatafanywa na watu wachache zaidi.

Sevu ya kuelea huja bila kuzunguka, kwa hiyo ikigonga mikono iliyotulia huondoka karibu sawa na mwanga unavyoondoka kwenye kioo. Watoto wakimulikana kwa kipande cha kioo juani wanajua kwamba ukikigeuza kidogo tu, doa la mwanga ukutani linahama mara mbili ya ulivyogeuza. Mikono ni hivyo hivyo. Ukikosea mteremko wake kwa digrii 5, mpira unakosea njia kwa digrii 10, na kwa pasi ya mita 6 hiyo ni kama mita moja nzima kutoka alipo seta. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuwa na miguu mizuri, macho mazuri na bidii ya kutosha, na pasi zake zikawa bado zinatawanyika kama kuku waliotishwa.

Chukua sevu ya kuelea ya kawaida. Imevuka juu kidogo ya wavu, na inapomfikia mpokeaji inashuka kwa mteremko wa kama digrii 30 kutoka usawa wa ardhi. Sisi tunataka ipande kwa kama digrii 60 kuelekea mbele, ili seta apate muda wa kufika chini yake. Ili mpira uingie kwa 30 utoke kwa 60, uso wa mikono lazima utazame katikati ya njia hizo mbili, yaani digrii 45 kwenda juu. Basi mikono yenyewe, kutoka begani hadi vidoleni, iteremke kwa digrii 45. Ni ile pembe ya pembetatu ya kwenye mkebe wa hesabu, kila msichana wako ameishika darasani. Mwonyeshe hiyo.

Sasa mwambie "inua mikono". Anaiinua mpaka inakaribia kulala, mteremko umebaki digrii 20. Uso wa mikono sasa unatazama juu kwa digrii 70. Mpira uliokuja kwa 30 utatoka kwa 110, na 90 ndiyo wima kabisa, kwa hiyo umeshapita wima na unaanguka nyuma ya kichwa chake. Ndicho hasa unachokiona. Hakufanya uvivu wala hakuogopa, alitii. Na akiikosea kwa upande wa pili, mikono ikaning'inia karibu na mapaja kwa mteremko wa digrii 65, mpira utatoka chini chini kwa digrii 20 na kuvuka wavu kama zawadi kwa wapinzani.

Kwa nini basi agizo la kuinua mikono limeenea hivyo? Kwa sababu lina ukweli wake kwenye mpira mwingine. Mpira wa juu unaoshuka kwa mteremko mkali, kama ule wa sevu ya chini inayopigwa na wanaoanza, unataka mikono iliyolala zaidi. Ukishuka kwa digrii 60 na ukitaka utoke kwa kama 70, mikono inateremka kwa digrii 25 tu. Wasichana wengi hujifunza kupokea kwa mipira ya namna hiyo, wenzao wakiwarushia kwa mkono, na mwili unaikariri ile pembe. Siku wanapokutana na sevu inayokuja bapa, wanaipokea kwa pembe ya mpira wa kurushiwa. Kanuni ya kuwapa ni fupi: mpira ukija bapa, mikono ishuke, mpira ukija kutoka juu, mikono ilale.

Usizichukue digrii hizi kama za mhandisi. Nyama ya mkono hunyonya sehemu ya nguvu ya mpira. Na ukipata mpigaji wa sevu inayozunguka kwenda mbele, mzunguko ule hukwea mikononi na kuurusha mpira juu na nyuma zaidi ya unavyotarajia, kwa hiyo mikono ishuke zaidi ya pale. Nusu ya njia ni mahali pa kuanzia, kisha jicho husahihisha.

Hilo la kuruka nyuma limekwisha. Tuje kwenye kutoroka kulia, ambako kanuni ni ile ile ya nusu, ila sasa tunatazama uwanja kutoka juu. Tuseme msichana wako wa nafasi ya 5, yaani nyuma kushoto, amesimama mita 7 kutoka wavuni na kama mita 1.8 kutoka mstari wa kushoto. Mpigaji wa wapinzani yuko upande wao wa kulia, ambao ni kushoto kwenu, kwa hiyo sevu inamjia karibu moja kwa moja. Seta anaungoja mpira mita moja kutoka wavuni, kulia kidogo kwa katikati. Ukipima, njia kutoka kwa mpokeaji hadi kwa seta imepinda kulia kwa kama digrii 35. Uso wa mikono yake unatakiwa uelekee nusu ya hapo, digrii 17 au 18. Akigeuka mwili mzima akamtazama seta, mikono imegeuka 35, na mpira utatoka kwa 70: utapita nyuma ya seta na kuangukia kwenye mstari wa kulia, nje kidogo ya mstari wa mita 3. Na asipogeuza mikono kabisa, mpira unarudi ulikotoka, juu ya wavu.

Kwa hiyo tumbo na macho vimwelekee mpigaji sevu mpaka karibu na mwisho. Kazi ya kugeuza ifanywe na mabega. Kwa mchezaji wa nafasi ya 5, bega la kulia, lililo upande wa seta, lishuke kidogo, la kushoto lipande. Mikono iliyoungana itageuka yenyewe kutazama ndani ya uwanja. Kwa wa nafasi ya 1, nyuma kulia, ni kinyume, bega la kushoto ndilo lishuke. Mpira ukimjia upande wa nje wa mwili wake, bega la ndani lishuke zaidi, maana sasa mikono iko mbali na mwili na bila kuinamisha bega mpira utateleza kwenda nje ya mstari. Makocha wengi wa zamani walifundisha kugeuka mwili mzima kumtazama seta, na kwa mpira wa polepole mtu huwahi kupiga hatua, kuuzunguka na kujisahihisha. Lakini sevu ya kuelea inayopigwa vizuri inafika ndani ya kama sekunde moja tu, na kugeuka kote huko kunakula muda wa miguu.

Sasa bapa lenyewe la mikono. Kiganja kimoja kilale ndani ya kingine, vidole juu ya vidole, vidole gumba vilale sambamba vikigusana na kutazama chini mbele. Visigino vya viganja vigusane kabisa. Kisha avute vifundo vya mikono kuelekea chini, kama anayemwaga maji kutoka viganjani. Tendo hilo moja hunyoosha viwiko na kuuleta juu upande laini wa ndani wa vigasha, ule usio na vinyweleo vingi. Mabega yasogee mbele kuelekea masikioni ili vigasha viwili vikaribiane, maana pengo kati yao ndilo linalofanya mpira ugonge mkono mmoja kabla ya mwingine na kutoka pembeni kwa mzunguko. Ukiona pasi inatoka ikizunguka ovyo wakati sevu ilikuja bila mzunguko, tafuta kiwiko kilichokunjwa au vigasha visivyolingana. Vidole visisokotwe, hapo nitarudi mwishoni.

Mpira ugonge wapi? Mwambie aweke vidole vinne vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mwingine. Pale vidole vinapoishia kuelekea kiwiko ndipo mpira unapotakiwa kutua, pande zote mbili kwa pamoja. Chini ya hapo ni mfupa wa kifundo na gumba, mpira huruka kokote. Juu sana karibu na viwiko, vigasha vimeachana na mpira hupenya ukamgonga kifuani. Na kwa urefu, mguso uwe mbele ya mwili, kati ya katikati ya paja na kitovu, na kuwe na nafasi ya wazi kati ya mikono na tumbo. Mchezaji ambaye mpira humkuta umeshamkaribia tumboni hana namna ila kukunja viwiko, na hapo bapa limekufa.

Asiibembeze mikono. Mikono inayopanda wakati wa mguso inabadilisha mteremko kila sehemu ndogo ya sekunde, na pasi nzuri inakuwa bahati ya saa. Nguvu ya kumfikisha mpira kwa seta tayari imo kwenye sevu yenyewe. Sevu kali inataka mikono itulie, hata irudi nyuma kidogo kuipunguza. Sevu laini ndiyo inayohitaji kusukumwa, na kusukuma huko kunatoka kwenye magoti yanayonyooka kidogo na mabega yanayosogea mbele, huku mikono ikibaki kwenye pembe yake. Mikono ikiisha safari juu ya mabega, hapo umeona kubembeza.

Magoti mliyomwambia akunje yana faida, ila watu hudhani faida yake ni kuwa chini. Faida yake ni kuweza kuondoka. Miguu iachane kupita upana wa mabega kidogo, uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo, mguu wa upande wa nje wa uwanja utangulie kwa nusu ya unyayo: kwa wa nafasi ya 5 ni wa kushoto. Mikono iwe mbele, imeachana. Mpigaji anapougusa mpira, mpokeaji ajirushe kidogo mno, nyayo zikitoka chini kidogo tu na kutua tayari. Kisha miguu iende kwanza, mikono iungane baadaye. Anayeunganisha mikono mapema na kukimbia nayo hivyo anakimbia kama aliyefungwa kamba, na atafika amechelewa.

Kwa mpira ulio ndani ya mita moja na nusu upande wowote, mwendo ni wa kaa: mguu wa upande anaoenda unatangulia, wa pili unaufuata bila kuukuta, kichwa kikibaki kwenye kimo kimoja. Hatua mbili za hivyo zinatosha. Zaidi ya hapo mguu wa mbali upite mbele ya mwingine, kisha asimame tena pana. La muhimu ni kwamba miguu yote miwili iwe imetua na kutulia kabla ya mguso. Sevu ya kuelea hupinda au kuanguka katika mita zake za mwisho, kwa sababu bila mzunguko hewa hupita pande zake bila kulingana, na mshono ukielekea upande mmoja unausukuma huko. Mtu aliye bado mwendoni hawezi kuusahihisha mpindo huo. Aliyesimama anausahihisha kwa bega tu.

Kuna mpira ambao mikono ya chini haiufai kabisa, nao ni ule unaomfikia kifuani au usoni. Badala ya kurudi nyuma mbio, apokee kwa vidole juu ya paji la uso. Kanuni zinaruhusu mpira kugusa sehemu mbalimbali za mwili mfululizo katika mguso wa kwanza wa timu, mradi liwe tendo moja na mpira usishikwe wala kutupwa. Wasichana wengi wa mitaani wanaogopa filimbi ya refa kwa jambo ambalo si kosa.

Sasa swali la W au watatu. Nitakupa jibu ninaloliamini: nenda kwa watatu ikiwa unao watatu, na wengi hawana. Udhaifu wa W ni ile mipaka kati ya mtu na mtu. Watano wakijipanga, kila pengo linakuwa "wangu au wako", na wale watatu wa mbele, waliosimama mita 4 hadi 5 kutoka wavuni, hunyoosha mikono kwenye mipira iliyo juu ya kiuno chao ambayo wa nyuma yao angeipokea kwa raha. Mpiga sevu ya kuelea mwenye akili hulenga hapo. Watatu wana mapengo mawili tu, na wapigaji wako wa mbele wanabaki huru kushambulia. Bei yake ni kwamba kila mmoja anabeba mita 3 za upana wa uwanja wa mita 9, na lazima aweze kufika mita moja na nusu kila upande kwa mwendo wa kaa na bado akasimama. Ukiwa na wawili tu wa kufanya hivyo, panga wanne kwa umbo la nusu duara, hao wawili wakichukua eneo kubwa nyuma na wengine wawili wakibaki na vipande vidogo pembeni. Hakuna aibu katika hilo.

Tuupange mzunguko mmoja wa nafasi ili uone. Seta yuko nafasi ya 1, mpigaji wa pembeni mmoja yuko nafasi ya 2 na mwenzake yuko nafasi ya 5, wa kati wa mbele yuko 3, mpigaji wa upande wa pili yuko 4, na libero, yule mlinzi wa nyuma asiyeshambulia, ameingia nafasi ya 6. Wapokeaji ni wa 5, wa 6 na wa 2. Libero asimame katikati, mita 7 kutoka wavuni. Wa 5 awe kushoto kwake, mita 1.8 kutoka mstari wa pembeni. Wa 2 ashuke nyuma kulia, mita 6.5 kutoka wavuni, na seta ajifiche nyuma yake karibu na mstari wa kulia, kama mita 7.5 kutoka wavuni, tayari kukimbia mbele. Wa 4 na wa 3 wasimame wavuni upande wa kushoto, wa 4 akiwa nje ya wa 3.

Hapo ndipo makosa ya nafasi huzaliwa, kwa hiyo angalia kila jirani. Wa 2 lazima awe mbele ya wa 1, yaani karibu zaidi na wavu, na kwa mita moja waliyoachana mko salama. Wa 3 yuko kulia kwa wa 4 na kushoto kwa wa 2. Libero yuko kati ya wa 5 na wa 1. Wa 4 yuko mbele ya wa 5, wa 3 mbele ya wa 6. Refa hutazama nyayo zilizogusa ardhi wakati mpira unapopigwa, na ukishapigwa tu kila mtu yuko huru kwenda anakotaka. Katika kanuni za 2025 hadi 2028 timu inayopiga sevu imefunguliwa, wachezaji wake wanaweza kusimama popote, lakini inayopokea bado imefungwa. Kwa hiyo usimwige seta wa timu inayopiga sevu ukadhani wa kwako ana uhuru ule ule.

Mapengo mawili yaliyobaki yape wenyewe. Mimi humpa libero yote mawili, isipokuwa mpira mfupi ulio wazi mbele ya mwenzake. "Wangu!" isemwe kabla mpira haujavuka wavu. Ikisemwa baada ya hapo ni kelele tu.

Kabla hujaamua, pima. Piga sevu 30 za kuelea kwa W na 30 kwa watatu, kwa wapigaji wale wale, siku moja. Andika 3 seta akipata mpira mahali pake bila kuhangaika, 2 akilazimika kusogea lakini bado anaweza kuchagua wa kumpa, 1 akiwa na chaguo moja tu, 0 mkipoteza. Gawa jumla kwa 30. Namba itakwambia kuliko wenzako na kuliko mimi. Lakini fanya hivyo baada ya wiki mbili tatu za kazi ya mikono, vinginevyo utakuwa unapima kosa la zamani kwa umbo jipya.

Kazi hiyo ya mikono haitaki vifaa. Mtu arushe mpira bapa kutoka juu ya wavu, kwa mikono miwili, akiwa upande wa pili, na mwingine ashike karai pale anaposimama seta. Baada ya kila mguso mpokeaji agande kwa sekunde mbili, mikono ikiwa pale pale ilipoishia. Wewe simama pembeni yake, umtazame kutoka ubavuni kuona mteremko, kisha uhamie nyuma yake kuona mabega. Mipira 10 kwa kila mmoja, mara tatu, inatosha kwa jioni moja. Simu ikirekodi kutoka ubavuni kwa mwendo wa polepole itakuonyesha kile ambacho jicho halikiwahi. Mpira ukienda nyuma, usiseme neno, mwambie tu atazame mikono yake ilipoganda. Ataiona imelala.

Kuhusu upepo, kwa kuwa mko nje. Miezi ya kusi mtachoka nao. Ukivuma kutoka nyuma ya mpiga sevu, mpira hubebwa, rudini nusu mita. Ukivuma dhidi yake, mpira huanguka mfupi na kupinda zaidi, sogeeni mbele nusu mita. Yule wa pembeni ambaye upepo unaupeleka mpira nje ya uwanja kwake afundishwe kuuacha upite. Siku mtakayocheza ndani ya ukumbi, mpira utaonekana mwepesi kuusoma, ila msizoee.

Maumivu sasa. Wekundu na kuwaka kwa vigasha katika wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi huzoea. Lakini kabla ya kuilaumu mikono, bonyeza mpira. Mipira mingi mtaani hujazwa kwa fundi wa pancha mpaka inakuwa jiwe, kwa sababu kipimo cha pampu yake kimetengenezewa magurudumu na hakioni namba ndogo. Voliboli inataka shinikizo la kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba, ambayo ni pauni 4.26 hadi 4.61 kwa inchi ya mraba, kipimo cha pampu nyingi. Nunua pampu ndogo ya mkono yenye kipimo chake, au angalau ujaze mpaka kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu kiingie kidogo.

Huyo wa kidole gumba nataka umtazame leo. Muulize anavyounganisha mikono. Kama anasokota vidole, mpira au ardhi ikimgonga havina pa kwenda na kiungo cha gumba ndicho kinacholipa, na kama anavielekeza vidole gumba juu badala ya chini, mpira unamgonga kwenye ncha. Hayo yote mtayarekebisha wenyewe. Ila kama kuna uvimbe kwenye shina la gumba, kama hawezi kubana karatasi kati ya gumba na kidole cha shahada bila maumivu, kama anahisi ganzi au michonyoto, au mfupa wa kigasha unauma mahali pamoja ukiugusa hata akiwa amepumzika, aache mazoezi na apelekwe hospitali apigwe picha. Asifungwe kitambaa na kurudishwa uwanjani kwa sababu kuna mechi Jumamosi. Kano ya gumba iliyochanika ikipuuzwa huacha kidole kisichobana vizuri, na kuitengeneza baadaye ni kazi kubwa kuliko kuifunga mapema.

Na kama baada ya wiki tatu za kuganda na karai bado mpira unaruka nyuma, hapo tatizo haliko kwenye maneno yangu wala yako. Omba kocha mwenye mafunzo ya shirikisho aje uwanjani jioni moja, asimame mita 3 ubavuni mwa huyo msichana wakati anapokea sevu za kweli. Mara nyingi kinachoonekana kwa ukaribu huo ni kisigino kinachogusa chini kabla ya mpira kufika, na hicho simu haikionyeshi kila mara.